Blendi yenye namba 12 na singo molti isiyo na namba: ipi imekaa kwenye pipa miaka mingi zaidi?

Kitwana_M
Wakuu, habari za muda huu. Nina chupa mbili za wiski mezani na ubishi umenishinda. Ya kwanza ni blendi, Chivas Regal, imeandikwa 12. Ya pili ni singo molti ya Uskoti, haina namba ya miaka popote, ila kwa maandishi makubwa kuna mwaka wa 1800 na kitu. Shemeji yangu anashikilia kwamba ya pili ndiyo kongwe. Sababu zake ni tatu: singo molti haichanganywi na chochote, hutoka kwenye pipa moja, na hiyo 12 ya blendi ni wastani tu, yaani ndani kuna changa na kongwe wakagawanya katikati. Mimi sina cha kumjibu. Halafu kuna wiski inaitwa ya nafaka. Shayiri si nafaka? Sasa zote si za nafaka? Naomba mnifungue macho.

Tindo
Shemeji hajakosea sana. Singo molti ni shayiri tupu, haina mchanganyiko. Blendi ni molti kidogo halafu inaongezwa spiriti nyepesi ya mahindi au ngano ili iwe laini na iwe nyingi. Ila kwenye hiyo 12 mimi nijuavyo si wastani. Ni umri wa ile molti iliyomo. Spiriti ya nafaka haihesabiwi kwa sababu yenyewe haina umri, inatoka mtamboni inaingia chupani.

Nyundo_ya_Pipa
Tindo, umepatia nusu, na hiyo nusu nyingine ndiyo inayopotosha watu wengi. Niliwahi kufanya kazi kwenye ghala la mapipa Uskoti, kwa hiyo nivumilieni nikirefusha.

Kwanza hilo neno singo. Halina maana ya pipa moja wala aina moja. Maana yake ni kiwanda kimoja. Singo molti ni wiski ya kimea cha shayiri, yaani shayiri iliyolowekwa ikaota kidogo kisha ikakaushwa, imenerekwa kwenye vyungu vya shaba, na yote imetoka kiwanda kimoja. Lakini ndani ya hiyo chupa kunaweza kuwa na mapipa mia, ya umri tofauti, yamemiminwa pamoja kwenye tangi kubwa. Inachanganywa sana tu! Kazi ya mchanganyaji kiwandani ni kuhakikisha chupa ya mwaka huu inalingana na ya mwaka jana, na hawezi kufanya hivyo kwa pipa moja. Ya pipa moja kweli ipo, lakini lebo itakuambia hivyo waziwazi, mara nyingi na namba ya pipa.

Wiski ya nafaka nayo ni wiski kamili. Kitwana, umeuliza vizuri, maana jina lenyewe linachanganya. Hutengenezwa kwa ngano au mahindi, na humo hutiwa kimea kidogo cha shayiri kwa ajili ya vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Hainerekwi kwa vyungu, bali kwenye mnara mrefu unaofanya kazi mfululizo, wa namna ile ambayo Aeneas Coffey aliipatia hataza mwaka 1830. Mnara unatoa spiriti kali zaidi na nyepesi zaidi, inaweza kukaribia asilimia 94, wakati ile ya vyungu kwa kawaida hutoka ikiwa karibu na asilimia 70. Ndiyo maana ya nafaka huwa laini, na ile ya vyungu huwa na mafuta na harufu nzito za shayiri.

Sasa pale ulipoteleza, Tindo. Spiriti hiyo ya nafaka haitoki mtamboni ikaingia chupani. Sheria ya Uskoti inataka ikae kwenye pipa la mwaloni lisilozidi lita 700, ndani ya Uskoti, kwa miaka isiyopungua 3, sawasawa na molti. Isipofika miaka hiyo haiitwi wiski. Na namba kwenye lebo ni ya kilicho kichanga kuliko vyote ndani ya chupa, kiwe molti au nafaka. Kwa hiyo hiyo 12 ya Kitwana inamaanisha hakuna tone humo lililokaa pipani chini ya miaka 12. Nafaka yake nayo imetimiza 12.

Tindo
Hapo kwenye nafaka umenisahihisha, nashukuru. Niliambiwa hivyo na mtu niliyemwamini.

Kitwana_M
Subiri kwanza mkuu. Kwa hiyo ile singo molti yangu isiyo na namba?

Nyundo_ya_Pipa
Ile unachoweza kuapia ni miaka 3. Inaweza kuwa na mapipa ya miaka 8, ya 15, hata ya 20, lakini kichanga chake hawajakutajia. Mwaka wa 1800 na kitu ni mwaka kiwanda kilipoanzishwa. Haujagusa wiski iliyomo hata kidogo. Mwaka wenye maana ni ule unaosema wiski ilinerekwa lini. Huo ukiandikwa, basi yote iliyomo lazima iwe ya mwaka huo, na lebo hutaja pia mwaka ilipojazwa chupani au umri wake, unatoa tu na kupata jibu.

Bi_Mwanaidi
Samahani ndugu zangu, na mimi niulize la kwangu hapahapa. Marehemu mjomba aliacha chupa ya wiski ya miaka 12, haijafunguliwa. Aliinunua mwaka 1998. Nimepiga hesabu: 12 yake, jumlisha hii miaka yote iliyokaa kabatini, ni wiski ya miaka karibu 40 sasa. Mwanangu anataka kuifungua siku ya harusi yake. Je, nimruhusu au niiache iendelee kukua?

Saidi_Mizani
Bi Mwanaidi, pole kwa mjomba, na hongera kwa harusi. Kwa heshima zote nakwambia, chupa hiyo bado ni ya miaka 12. Kinachoikuza wiski ni mbao. Pipa linapumua: joto likipanda kimiminika kinajipenyeza kwenye mbao, kukipoa kinarudi, na kila kinaporudi kinabeba rangi, utamu na harufu ya mwaloni. Chupa ni kioo, haiongezi kitu. Ukiiacha miaka 100 itabaki 12.

Inachoweza kufanya chupani ni kuharibika. Iangalie bila kuifungua: kiwango kimeshuka hadi begani au bado kiko shingoni? Kikiwa kimeshuka sana, kizibo kimevujisha hewa na ladha itakuwa imefifia. Na ilikuwa imesimama au imelazwa? Divai hulazwa, wiski husimamishwa, maana ukali wake hula kizibo.

Bi_Mwanaidi
Ilikuwa imesimama, nimetoka kuitazama sasa hivi. Iko shingoni kabisa, imepungua labda upana wa kidole. Na nyuma ya lebo rangi bado ni ileile ya asali. Basi nimwambie aifungue.

Saidi_Mizani
Mwambie aende taratibu na kizibo. Cha miaka yote hiyo kinaweza kukatika. Awe na kichujio safi karibu, vipande vikidondokea ndani haviharibu kitu.

Kitwana_M
Nimeelewa namba ni ya kichanga. Sasa nauliza: mtu akichukua wiski ya miaka 25 akaitia kikombe kimoja cha ile ya miaka 3, ataandika ngapi?

Saidi_Mizani
Ataandika 3, au asiandike kitu. Na usidhani hilo ni swali la darasani tu, maana lilishatokea. Kampuni ya Compass Box ya London, iliyoanzishwa na John Glaser mwaka 2000, hainereki yenyewe, inanunua mapipa na kuchanganya. Mwaka 2015 ilitoa wiski mbili, Flaming Heart na This Is Not a Luxury Whisky, ikawaeleza wanunuzi kila kilichomo: asilimia ngapi imetoka kiwanda gani, ina miaka mingapi. Kukatokea malalamiko kwamba wamevunja sheria. Kanuni ya Ulaya ya wakati huo, ya mwaka 2008, namba 110, ilisema umri unaruhusiwa kutajwa pale tu unapohusu kilicho kichanga kabisa. Kusema "humu mna pia ya miaka 40" ni marufuku, hata kama ni kweli tupu. Wakalazimika kuyaondoa yale maelezo.

Mwaka uliofuata walianzisha kampeni ya kutaka mchanganyaji aruhusiwe kutaja umri wa vyote vilivyomo, kwa hiari yake. Na wakatoa chupa moja iliyoandikwa kwa ufahari Three Year Old Deluxe, miaka 3. Ndani yake ile ya miaka 3 haikufika hata asilimia 1. Iliyobaki yote ilikuwa kongwe zaidi, lakini lebo kisheria ilitakiwa kusema 3, nao wakasema 3. Swali lako la kikombe kimoja, Kitwana, ndilo hilo walilolijaza chupani.

Nyundo_ya_Pipa
Saidi, mfano huo naukubali, ila sikubaliani na kampeni yenyewe. Ninakumbuka jinsi watu wa mauzo wanavyofikiri. Ruhusu leo kutaja vyote, kesho utaona lebo ina "40" kwa herufi kubwa mbele, na nyuma kwa herufi za sisimizi imeandikwa kwamba hiyo ya 40 ni asilimia 2. Kanuni ya kichanga ni kali, lakini haina mwanya.

Saidi_Mizani
Mwanya unazibika. Sema anayetaja umri mmoja ataje wote pamoja na viwango vyake, kwa herufi za ukubwa uleule. Mimi kama mnywaji nina haki ya kujua ninachokinywa. Sioni ukweli kamili unamdhuru nani.

Nyundo_ya_Pipa
Wewe na mimi tutausoma mpaka mwisho. Mtu anayesimama mbele ya rafu kwa dakika moja hausomi.

Zuhura_wa_Glasi
Wazee wangu, nyote mnabishana kana kwamba umri mkubwa ni ubora. Mimi nimeonja ya miaka 21 ikanishinda, ilikuwa kama kutafuna ubao. Na nimeonja ya miaka 8 tamu ajabu. Nyundo, wewe uliyekaa ghalani, hebu tueleze hilo.

Nyundo_ya_Pipa
Zuhura, hapo umegusa moyo wa jambo. Nikusimulie kitu nilichokiona kwa macho.

Asubuhi moja tulikuwa tunakagua mapipa. Unagonga kwa nyundo ya mbao pande mbili za kizibo mpaka kiruke chenyewe, unazamisha bomba la kuchotea, unaziba kwa dole gumba, unamimina kwenye glasi. Kulikuwa na mapipa mawili yamelala bega kwa bega. Spiriti ileile, siku ileile ya kujazwa, safu ileile ya chini, miaka 12 yote mawili. La kwanza lilikuwa limetoka Marekani, lilihifadhi boboni, wiski ya kwao, na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kutiwa wiski ya Uskoti. Likatoa rangi ya dhahabu, vanila, nazi, utamu mwingi. La pili lilikuwa limeshatumika mara mbili au tatu kabla. Lilichotoa kilikuwa cha njano hafifu, kama maji ya majani makavu, na puani bado unasikia nafaka mbichi na mchomo wa spiriti changa. Yote mawili ukiyajaza leo, sheria inakuruhusu kuandika 12.

Pipa ni kama jani la chai. Maji ya kwanza yanachukua kingi, ya tatu yanachukua kidogo. Pipa lililochoka linaweza kukaa miaka 20 na bado spiriti haijatulia, na pipa jipya lenye nguvu linaweza kuimeza wiski yote kabla ya miaka 20. Hiyo ya 21 uliyosema ina ladha ya ubao huenda ilikaa kwenye mbao kali muda mrefu kupita kiasi. Namba inakwambia muda. Haikwambii pipa lilikuwa la mara ya ngapi, na mimi ningeambiwa nichague habari moja tu ya kusoma kwenye lebo, ningechagua hiyo ya pipa.

Na usihukumu kwa rangi. Uskoti wanaruhusiwa kutia karameli ya kurekebisha rangi, hata kwenye singo molti. Ujerumani sheria huwataka waandike kwamba imetiwa rangi, kwa hiyo ukiikuta chupa ya soko hilo, soma maandishi madogo ya Kijerumani.

Tindo
Sasa kama umri si ubora, mbona za miaka 25 bei yake haishikiki?

Nyundo_ya_Pipa
Kwa sababu ya kinachopotea. Kila mwaka pipa linavukiza kiasi, Waskoti wanakiita fungu la malaika, na kwa hali ya hewa ya kule hukadiriwa kuwa karibu asilimia 2. Tufanye hesabu rahisi. Pipa la lita 200. Baada ya miaka 12 linabaki na lita kama 157. Baada ya miaka 25 linabaki na lita kama 121. Na si ujazo tu, kule nguvu ya kileo nayo inashuka. Tuseme liliingia na asilimia 63 na kitu, kwenye miaka 12 liko kwenye 58, kwenye 25 liko kwenye 52. Ukipunguza kwa maji mpaka asilimia 40, lile la kwanza linakupa chupa kama 325 za mililita 700, la pili kama 224. Chupa mia zimekwenda hewani, na mtu amelinda ghala miaka 13 zaidi. Mapipa mengine huteremka mpaka yanakaribia asilimia 40, na yakivuka hapo kwenda chini hayaruhusiwi tena kuuzwa kama wiski. Kwa hiyo unalipia uhaba na muda.

Hapo ndipo wiski kongwe ya nafaka inapoingia, Kitwana, maana uliiulizia ukaipita. Spiriti yake ni nyepesi, haina mengi ya kwake ya kusema ikiwa changa. Lakini iweke miaka 30 kwenye pipa zuri lililohifadhi boboni, inajaa mbao taratibu na kuwa laini ajabu, vanila, nazi, ndizi iliyoiva sana. Watu wanaipita kwenye rafu kwa kuwa haina neno molti, na mara nyingi bei yake iko chini ya singo molti ya umri huohuo.

Zuhura_wa_Glasi
Na kuna kituko kingine cha majina. Kiwanda cha Loch Lomond kina wiski ya kimea cha shayiri kitupu, asilimia 100, lakini kwa kuwa imenerekwa kwenye mnara wa Coffey badala ya vyungu, lebo haina ruhusa ya kuiita singo molti. Inauzwa kama singo ya nafaka. Nilimwekea rafiki yangu mmoja anayedharau wiski ya nafaka, akaisifu kwa shayiri yake!

Tindo
Na ile inayoandikwa blendi ya molti? Hiyo nayo ina nafaka?

Saidi_Mizani
Haina. Blendi ya molti ni molti za viwanda viwili au zaidi, hakuna tone la nafaka. Blendi ya kawaida ndiyo yenye molti na nafaka, na mara nyingi nafaka ndiyo nyingi. Zamani blendi ya molti ilikuwa ikiitwa pia molti safi, na hilo lilileta mzozo mkubwa mwaka 2003. Singo molti ya Cardhu ilikuwa haitoshi soko, hasa Hispania, wenye nayo wakaigeuza kuwa mchanganyiko wa molti za viwanda kadhaa, wakaweka "Pure" mahali pa "Single", huku jina na sura ya chupa vikibaki karibu vilevile. Washindani wakapiga kelele, ikaondolewa mwaka uliofuata. Kanuni za wiski ya Uskoti za mwaka 2009 zikayafuta kabisa maneno hayo.

Ali_Kusini
Wakuu, nimewasoma wote. Mnazungumzia Uskoti tu, baridi mwaka mzima. Kavalan ya Taiwani na Amrut ya Bangalori wananereka kwenye joto. Huko fungu la malaika ni kubwa mara kadhaa kuliko hilo la asilimia 2, na wiski ya miaka 5 au 6 ina rangi na ladha ya mbao ambayo Uskoti wangeisubiri kwa muda mrefu zaidi. Sasa 6 ya huko ni sawa na ngapi ya Uskoti? Kuna watu wanazidisha kwa 3.

Nyundo_ya_Pipa
Kuzidisha kwa namba moja siwezi kukubali, Ali. Joto linaharakisha kuvuta mbao, hilo ni kweli. Lakini pipani kuna mambo mawili yanayokwenda pamoja. Moja ni spiriti kuchukua vitu kwenye mbao. La pili ni spiriti yenyewe kubadilika kwa hewa inayopenya polepole, ukali wake ukazimika na harufu za matunda zikajengeka. La kwanza linakimbia kwenye joto. La pili halikimbii kwa kasi ileile.

Ali_Kusini
Mimi nimeonja za kwao, sikuona ukali uliobaki. Huenda spiriti yao imeandaliwa iwe safi tangu mtamboni, isihitaji hiyo miaka. Naona bado mnapima joto kwa rula ya baridi.

Nyundo_ya_Pipa
Hapo kwenye kuandaa spiriti una hoja nzito. Nitaionja tena nikiwa na hilo akilini.

Kitwana_M
Nimerudi wakuu. Nimemsomea shemeji uzi wote, kisha tukazishika chupa kwenye mwanga. Ya blendi imeandikwa wazi kwamba imekaa miaka 12. Ile singo molti tumeizungusha pande zote: mwaka ni wa kuanzishwa kiwanda, kama mlivyosema, umri hakuna. Lakini nyuma, kwa maandishi madogo, tumekuta mstari unaosema imekomazwa kwenye mapipa ya boboni ya mara ya kwanza. Shemeji ameshika hapohapo, anasema basi yake bado inaweza kuwa bora hata kama ni changa. Nyundo, hapo ana haki?

Nyundo_ya_Pipa
Ana haki ya kusema inaweza. Kwamba ni kongwe, hana ushahidi. Mimineni mbili zile kwenye glasi zinazofanana, mmoja wenu atoke nje wakati mwingine anamimina, mwache zitulie dakika kumi, halafu mnuse kabla ya kuonja. Tieni matone machache ya maji kwa raundi ya pili. Mkisikia mchomo mkavu wa pua na nafaka mbichi kwenye ile ya shemeji, hiyo ni dalili ya uchanga. Mkisikia vanila na nazi na pua haichomwi, pipa limefanya kazi yake.

Kitwana_M
Shemeji ameshatoka nje. Namimina.